Ndimu, machicha ya nazi, magadi au jiki: kipi kinatoa shombo na kipi kinatoa harufu ya swaumu

Huku kwetu mtu akimaliza kupara samaki anakamulia ndimu mikononi na shombo linakata, kesho yake anamenya swaumu, anakamulia ndimu ileile na harufu haibanduki, basi anasema ndimu za siku hizi hazina nguvu. Ndimu haina kosa. Shombo na harufu ya swaumu ni vitu viwili tofauti kabisa, kinachoua kimoja kinaweza kisimguse mwenzake, na wakati mwingine kinamwamsha. Kwa hiyo kabla hujachagua utumie nini, jiulize kwanza unanuka nini, halafu kinachonuka ni mkono, kibao au kopo.

Shombo la samaki wa baharini sehemu kubwa linatokana na kitu kinaitwa traimethilamini. Samaki akiwa hai ana kitu kingine mwilini kisichonuka, kinachomsaidia kukaa kwenye maji ya chumvi, akishakufa bakteria wanaanza kukigeuza kuwa hiyo traimethilamini, ndo maana changu aliyeshushwa saa hiyo hanuki sana ila yule aliyelala mezani mpaka jua la saa nane unamsikia kabla hujamwona. Sasa hiyo traimethilamini tabia yake ni ya upande wa magadi, ikikutana na asidi yoyote (ndimu, limao, siki, maji ya ukwaju) inageuka aina ya chumvi, na chumvi hairuki hewani kwa hiyo pua haiipati, ukisuuza inaondoka na maji. Samaki wa maji baridi kama sato hana hiyo kitu kwa wingi, yeye akinuka tope ni habari nyingine.

Swaumu na kitunguu maji harufu yake ni ya salfa. Punje ya swaumu ikiwa nzima hainuki kitu, ukiiponda tu ndo vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa ndani yake vinakutana na harufu inazaliwa hapohapo, na inaendelea kuzaliwa na kubadilika kwa muda. Harufu hiyo inapenda mafuta kuliko maji, ndo kisa inajichimbia kwenye ngozi na kwenye plastiki na ukimwagia maji matupu inakucheka. Asidi haiigeuzi kama inavyogeuza shombo. Ndimu ukiikamulia mapema kwenye swaumu inazuia harufu mpya isizaliwe sana, ila ile iliyokwisha kuzaliwa inabaki palepale, sana sana unapata mkono unaonuka swaumu na ndimu.

Mikono

Kwa shombo, mi naweka ndimu namba moja na siki inafuata kwa karibu. Ukwaju uliolowekwa nao unafanya kazi, wengi hawaujaribu tu, na msimu ndimu zikiadimika ndo mkombozi. Ila kuna mpangilio wake na wengi wanaharibia hapa. Anza na maji ya baridi, suuza ute na damu vyote vitoke, usianze na maji ya moto kwa sababu moto unagandisha ute na damu na vinashika kwenye mikunjo ya vidole na pembeni ya kucha. Halafu chukua nusu ya ndimu, isugue mikono yote miwili, vidole uvitumbukize ndani kabisa ya ndimu ili kucha zipate, acha kama dakika moja, suuza. Sabuni inakuja mwisho.

Mbona mwisho? Kwa sababu sabuni ya kipande nayo ni ya upande wa magadi. Ukianza nayo inaifungua traimethilamini iruke hewani, ndo ule wakati unanawa na shombo linazidi kupanda. Kijana mmoja wa kupara samaki pale Feri aliniambia, "Dada, ukianza na sabuni utafika nayo nyumbani," hajui kemia yoyote ila kwa mikono yake anajua. Hii inakupa na kipimo: ukishapaka sabuni ya kipande harufu ikiamka, ujue bado kuna mabaki, rudi kwenye ndimu halafu malizia na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo nyingi haziko kali upande wa magadi kama kipande.

Majivu je? Bibi zetu walisugulia majivu kila kitu na sufuria zikang'aa, ila kwa shombo majivu yanafanya kama sabuni ya kipande, tena zaidi, na yanakwangua ngozi. Yaache kwenye sufuria. Magadi na beking soda vivyo hivyo, kwa shombo la mkononi sivipi hata nafasi.

Samaki wa mafuta kama vibua na dagaa wana kitu cha ziada. Mafuta yao yakikaa yanachacha na yananuka kivyake, hayo asidi haiyawezi, ndo maana ndimu peke yake bila sabuni mwishoni inakuacha na kile kiharufu cha mbali unapopeleka mkono puani usiku. Kwa hiyo ni ndimu NA sabuni, sio ndimu AU sabuni. Papa na taa ni wengine tena, miili yao ina urea nyingi inayogeuka amonia, ile harufu inayochoma pua kama ya choo. Amonia nayo ni ya upande wa magadi kwa hiyo ndimu au siki bado inaiweza, ila weka nyingi na urudie.

Tahadhari moja kwa watu wa jua kali kama sisi, ndimu na limao isuuze vizuri kabla hujatoka nje. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, yanaweza kukuunguza, unatoka malengelenge au madoa meusi yanayokaa wiki kadhaa hata miezi, na wengi hudhani ni mzio. Ukiwa na mchubuko itakuwasha pia, hapo vaa glavu au hata mfuko wa nailoni mkononi tangu mwanzo.

Tukija kwenye swaumu, mshindi wangu ni machicha ya nazi. Yale unayobaki nayo ukishakamua tui, usitupe. Yana mafuta kidogo yaliyobaki na yana ukwaruzo, kwa hiyo mafuta yanaivuta harufu kutoka kwenye ngozi na machicha yanaisugua, chukua gao moja, sugua mikono ikiwa MIKAVU kama dakika moja au mbili, hasa ncha za vidole na chini ya kucha, futa au kung'uta, halafu ndo sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu. Mikono ikiwa mibichi maji yanazuia mafuta yasifike. Huna nazi siku hiyo, kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia na chumvi kidogo au sukari inafanya kazi karibu ileile, sukari ni laini zaidi kama una mikwaruzo.

Kuna hii ya kusugua mikono kwenye kijiko cha stenlesi au sinki. Watu wanaisifia sana na kuna hadi vipande vya stenlesi vinauzwa kwa umbo la sabuni. Mi naona kinachosaidia pale ni maji yanayotiririka na kule kusugua, chuma chenyewe hakijathibitishwa vya kutosha. Kujaribu hakukugharimu kitu, kijiko unacho, ila usinunue kile kipande.

Njia rahisi kuliko zote ni kupaka mafuta kidogo mikononi KABLA ya kumenya swaumu, kama wabanguaji wa korosho wanavyopaka ili utomvu wa ganda usiwaunguze. Harufu inaingia kwenye mafuta, sio kwenye ngozi, ukinawa na sabuni vinaondoka pamoja. Kisu tu kishike vizuri maana kinateleza.

Umeshika vyote viwili siku moja

Tuseme umetoka Feri na kilo mbili za vibua, unataka kuwapaka. Umewapara, umewatoa matumbo, umewachanja, halafu ukaponda vichwa viwili vya swaumu na tangawizi, ukapaka kwa mkono maana mwiko hauingii kwenye chanjo. Mkono sasa una shombo, mafuta ya vibua na swaumu kwa pamoja. Wengi hapo wanachukua sabuni moja kwa moja, na baadae wanasema vibua vya siku ile vilikuwa vibaya.

Fanya hivi. Maji ya baridi kwanza. Halafu ndimu, suuza. Futa mikono ikauke. Halafu machicha au mafuta na chumvi, yafute. Mwisho sabuni ya maji, mara mbili kama mafuta yalikuwa mengi. Ndimu inatangulia machicha kwa sababu ukianza na mafuta yanatandaza utando juu ya ngozi na maji ya ndimu hayafiki kwenye shombo. Ukimaliza usinuse hapohapo, pua yako imeshazoea na itakudanganya, toka nje kidogo upate hewa ndo unuse, au mwite mtoto anuse, watoto hawana aibu atakwambia ukweli.

Ila kama ulikula na swaumu nyingi, ile harufu ya kesho yake inayotoka kwenye pumzi na jasho haiko kwenye mikono, imepitia kwenye damu, usijichubue bure.

Kibao cha kukatia

Hapa swali kubwa ni kibao cha mti au cha plastiki, na kila kimoja kina ugonjwa wake.

Cha mti kinanyonya. Maji ya samaki na ya vitunguu yanaingia ndani ya nyuzi za mti, unaosha juu na ndani bado, kibao kikilowa tena harufu inarudi. Kosa la kwanza ni kukiloweka kwenye beseni, unakipa nafasi ya kunywa zaidi na kinapinda. Dawa yake ni chumvi ya mawe, na hapa tunayo kwa wingi maana mashamba ya chumvi tunayo huku huku kusini. Suuza kibao kwa maji ya baridi, mwaga gao la chumvi juu yake, chukua nusu ya ndimu usugue kwa kufuata mistari ya mti mpaka chumvi igeuke uji mchafu, acha dakika kama 10, kwangua kwa mgongo wa kisu, suuza, kisha oshea sabuni ya maji. Chumvi inavuta unyevu utoke ndani ya mti na ndimu inashughulika na shombo. Kisha kisimamishe kwa ubavu sehemu yenye hewa, kisilazwe, upande wa chini hautakauka na ndiko kutakonuka. Jua la muda mfupi sawa, ila kukiacha jua la mchana kutwa kitapasuka, na ufa ndo nyumba ya harufu.

Kwa swaumu kwenye kibao cha mti hiyo ndimu itakusaidia kidogo tu, hapo chumvi ndo inabeba kazi, au pondaponda beking soda na maji iwe uji mzito, paka, acha nusu saa, sugua. Haiishi yote siku moja. Ukweli ni kwamba kibao cha mti na swaumu vikishaoana talaka ni ngumu, bora uponde kwenye kinu.

Cha plastiki hakinyonyi maji ila kina makovu ya kisu, na harufu inakaa ndani ya makovu. Kipitishie kidole, ukisikia kimekuwa kama tuta za shambani ujue sabuni na dodoki havifiki chini. Hapa ndo jiki ina nafasi yake, isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwenye maji lita 4. Osha kibao kwanza kwa sabuni, suuza, kimwagie hayo maji kikae dakika chache, suuza tena na kianikwe. Jiki inachoma vitu vya salfa na inaua bakteria wanaozalisha shombo kwa hiyo inapiga harufu zote mbili, ndimu haiwezi hilo. Kwenye mti jiki inaishia nguvu kwa mti wenyewe kabla haijafanya kazi, sioni faida yake.

LAKINI jiki na ndimu au siki kamwe visikutane. Vinatoa gesi ya klorini, inabana kifua, na jikoni kwetu kadogo kenye dirisha moja sio mchezo. Ukishatumia ndimu, suuza mpaka maji yatoke meupe, osha na sabuni, suuza tena ndo ufikirie jiki, au chagua moja na uache nyingine siku hiyo. Hata kibao chenye majimaji ya papa usikimwagie jiki moja kwa moja, ile amonia ikikutana na jiki inatoa mvuke mwingine mbaya.

Kwa hiyo mtu anayepika samaki kila siku, ushauri wangu ni vibao viwili, cha plastiki cha samaki na cha mti cha mboga, kuliko kimoja kizuri cha bei. Kile cha samaki unakimaliza na ndimu siku za kawaida na jiki mara mojamoja. Makovu yakishazidi kinabadilishwa, cha plastiki sio mali ya urithi.

Makopo na hotpoti za plastiki

Hapa ndo penye kesi ngumu, maana plastiki inapenda mafuta. Ukiweka swaumu ya kusaga na mafuta kwenye kopo la aiskrimu wiki nzima, zile chembe za salfa zinaingia ndani ya plastiki yenyewe, hazikai juu. Kwa hiyo kusugua kwa nguvu hakusaidii, tena steel waya inaongeza makovu. Kinachotakiwa ni muda na joto ili harufu itoke yenyewe kama ilivyoingia.

Kwanza futa mafuta yote kwa karatasi kabla maji hayajagusa, halafu osha kwa maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo, sio maji yanayochemka kwa makopo mepesi, yanajikunja na mfuniko hautakaa tena. Kama mfuniko una ule mpira wa kuzibia, uchomoe kwa ncha ya kijiko. Mara nyingi kopo limeshapona na mpira ndo unaonuka.

Baada ya hapo ndo unagawanya njia. Kopo la samaki, weka siki sehemu moja na maji sehemu mbili au tatu, lilale saa moja au zaidi, halafu sabuni. Kopo la swaumu au vitunguu, vijiko viwili vya chakula vya beking soda kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu, mfuniko na mpira vizame humo, kesho yake suuza. Ukitaka kuchanganya siki na beking soda pamoja kwa sababu inachemka na inapendeza macho, usijisumbue, vinauana na unabaki na maji ya chumvi chumvi.

Baada ya hapo jua. Kopo wazi, mfuniko pembeni, siku nzima au mbili, juu ya uchanja ambapo kuku hawafiki. Joto linasukuma harufu nje na hewa inaichukua, kwa kopo la swaumu hii inashinda dawa nyingine zote nilizotaja hapa. Jua la kila siku linachakaza plastiki nyepesi, inakuwa na rangi ya njano na inavunjika, kwa hiyo ni dawa ya mara moja moja. Msimu wa mvua hakuna jua, jaza gazeti kavu lililofinyangwa au kipande cha mkaa kilichofungwa kwenye kitambaa, funga kopo likae usiku kucha au mbili. Inafanya polepole, ila inafanya. Kopo liwe kavu kabisa, likiwa na unyevu gazeti litanyonya maji na sio harufu.

Kupima, funga kopo tupu likiwa kavu, liache sehemu ya joto nusu saa, fungua na unuse papo hapo. Kopo lililo wazi halikwambii kitu. Likinuka kidogo tu sio tatizo kwa kuwekea mchele au korosho mbichi za maganda, ila usiliwekee maandazi, unga wa chapati au siagi, vitu vya mafuta vinainyonya harufu haraka na mtu atatafuna andazi lenye swaumu. Likinuka sana baada ya raundi mbili za beking soda na jua, liandike S kwa makapeni juu ya mfuniko, liwe la swaumu moja kwa moja. Na swaumu mpya ya kusaga iweke kwenye chupa ya jemu ya kioo, kioo hakinyonyi, ila ule mfuniko wake wa bati una mpira kwa ndani, huo utaendelea kuuanika.